Kitufe kisikae juu ya bati la geti

Swali la wiki: "Geti likiwa mbali na nyumba, wewe unatumia kengele gani: ya waya, isiyo na waya au ya sola? Na imekufaaje?"

Naishi Shangani, Mtwara, karibu na bahari. Kutoka getini hadi sebuleni kwangu ni kama mita 30, na geti ni la chuma lililozibwa bati zito juu hadi chini. Wageni walikuwa wanagonga kwa jiwe mpaka rangi ikabanduka, na tukiwa jikoni hatusikii. Nikanunua kengele isiyo na waya. Boksi liliandikwa mita 150, nikaona inatosha na kubaki.

Mtoto wa dada yangu akasimama nje na kitufe mkononi, akabonyeza, ikalia. Tukakibandika kwenye bati, kimya. Akakibandua, akabonyeza palepale, ikalia tena. "Mjomba, geti ndilo linaikataa," akasema, na alikuwa sahihi. Antena ya kitufe ni ndogo sana, mara nyingi ni mstari wa shaba tu kwenye bodi. Ukiilaza juu ya chuma, mawimbi yake yanadhoofika hapohapo. Zile mita 150 zimepimwa uwanjani, hakuna ukuta wala bati. Tulikihamishia kwenye nguzo ya tofali pembeni ya geti, tukaweka kipande cha mbao nyuma yake ili kikae mbali na nondo zilizomo ndani ya nguzo. Sebuleni, risiva niliitoa nyuma ya friji nikaichomeka karibu na dirisha linalotazama geti. Kisha mtoto akabonyeza mara kumi huku mimi nikihesabu ndani, zikalia zote kumi. Jaribuni hivyo kabla ya kutoboa ukuta.

Kengele ikianza kulia ukibonyeza karibu na nyumba lakini getini ikawa kimya, msikimbilie kununua nyingine. Betri ya kitufe ikichoka, kinachopungua kwanza ni umbali.

Cha kwangu cha kwanza kiliuawa na chumvi. Nilipokifungua, vibati vinavyoshika betri vilikuwa na kutu ya kijani. Kilikuwa cha IP44, maana yake kinahimili maji ya kurushiwa tu. Sasa nina cha IP65, ambacho vumbi haliingii na maji ya mpira hayakisumbui. Nimekijengea kibaraza kidogo cha plastiki juu, nikapaka silikoni juu na pembeni. Chini sikupaka, kwa sababu unyevu ukiingia lazima upate pa kutokea.

Ya sola ninayo pia, geti la nyuma. Wengi wanadhani ukinunua ya sola umeachana na umeme. Hapana. Kwa hii yangu, kile kioo kidogo kinachaji kitufe tu, risiva ya ndani imechomekwa ukutani, na umeme ukikatika kengele hailii. Ulizeni dukani kama risiva inakubali betri. Jambo jingine ni uelekeo. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Kitufe kilichobandikwa ukuta unaotazama kusini hakipati jua la moja kwa moja miezi hiyo, na mwembe ukikiwekea kivuli hali inakuwa mbaya zaidi. Changu kinatazama kaskazini, na nakifuta kwa kitambaa chenye maji baridi kila Jumamosi maana chumvi inaganda juu ya kioo.

Ya waya ndiyo haisumbuliwi na bati wala betri, ila kuna kosa linalonitia hofu kweli. Baadhi ya mafundi wanavuta umeme wa volti 230 moja kwa moja hadi kwenye swichi ya getini. Mvua ikiingia kwenye swichi ile, geti zima la chuma linaweza kushika umeme, na anayeligusa ni mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani. Transfoma ya kengele ikae ndani ya nyumba, na kinachotoka kwenda getini kiwe volti 8 au 12 tu, ndani ya paipu ya plastiki iliyofukiwa. Kwa mita 30, waya mwembamba wa kengele wa milimita 0.5 za mraba unakwenda na kurudi, jumla mita 60, na unakula kama volti 2 kengele ikivuta ampia moja. Kwenye volti 8 zinabaki 6, na kengele inakoroma badala ya kulia. Fundi wangu aliweka waya wa milimita 1.5 kwa dada yangu, ikalia vizuri.

Mwenye ukuta ambao haujapigwa plasta bado, avute waya sasa. Mimi nilishamaliza plasta na rangi, ndiyo maana nimebaki na kitufe changu cha nguzoni.