Saa zilizobaki mkononi

Swali la wiki: "Ukiondoa usingizi, safari, chakula na kazi za nyumbani, unabaki na saa ngapi kwa wiki ambazo kweli ni zako, na umezihesabuje?"

Ndugu Mhariri, nilipokadiria kwa kichwa nilipata saa 36, lakini nilipoandika kila robo saa kwenye daftari kwa siku 7, zilibaki 20 na nusu.

Wiki ina saa 168. Nalala kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, yaani saa 49 kwa wiki. Kazi yangu iko Kariakoo, na pamoja na mapumziko ya mchana inachukua saa 45. Kuoga na kuvaa ni saa 7, na chakula cha nyumbani ni saa 9. Cha mchana sikukihesabu tena, kwa kuwa kimo ndani ya saa za kazi.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye safari. Nilizoea kusema kwamba kutoka Gongo la Mboto ni saa moja, nikihesabu mwendo wa daladala peke yake. Daftari lilianza kuhesabu nilipofunga mlango: kutembea hadi kituoni, kusubiri, foleni, na jioni mbili nilizogeuza na gari, nikipanda linaloshusha abiria ili nirudi nalo nikiwa nimekaa. Asubuhi ilikuwa saa moja na nusu na jioni saa 2, hivyo kwa siku 5 nikapata saa 17 na nusu badala ya 10.

Kazi za nyumbani nilizikadiria kuwa saa 12, zikawa 20. Kupika peke yake ni saa 10 na nusu, kwa sababu kuwasha mkaa na kuchambua mchele sikuwahi kuviita kupika. Kufua kwa mkono Jumamosi ni saa 4, sokoni 2, na usafi pamoja na kupiga pasi 3 na nusu.

Jumla ni 147 na nusu. Ninamshauri anayehesabu ajumlishe kila kitu pamoja na muda uliobaki. Ikizidi 168, kuna jambo limehesabiwa mara mbili, kama kula huku ukisubiri maji yajae ndooni.

Hata hizo 20 na nusu hazilingani. Saa 5 ni za Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja kila siku, nayo imekatika vipande vya robo saa wakati maharage yapo jikoni. Kwa kipande hicho naweza kupiga simu, lakini siwezi kushona, na kushona ndiko ninakokutafutia muda. Nimeziondoa. Zilibaki 15 na nusu za Jumamosi na Jumapili, na wiki ile kikao cha harusi ya binamu yangu, pamoja na kwenda na kurudi, kilichukua 3 na nusu.

Kwa hiyo jibu langu ni saa 12, na wiki yenye msiba huwa pungufu ya hapo.