Vichwa vilivyogoma kubadilika rangi kwenye tasnifu

"Wakuu, tasnifu yangu ina kurasa 94. Msimamizi anataka vichwa vyote viwe vyeusi, na maandishi ya ndani yawe Times New Roman 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu. Nimebadilisha Heading 1 kwenye Word lakini vichwa vingine bado ni bluu. Nifanyeje?"

Mkuu, kazi za namna hii napokea kila msimu wa tasnifu hapa steshenari. Weka kasa ndani ya kichwa kilichogoma, kisha tazama kwenye Home ni staili gani imewaka.

Ikiwaka Normal, hicho si kichwa. Ni aya ya kawaida iliyokuzwa na kupakwa rangi kwa mkono, kwa hiyo Heading 1 haina habari nayo. Kiteue, bonyeza Ctrl+Alt+1, nacho kitaingia kundini.

Ikiwaka Heading 1 na bado ni bluu, kuna rangi iliyowekwa kwa mkono juu ya staili, na ya mkono ndiyo inayoshinda. Bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Select All, vichwa vyote vya ngazi hiyo viteuliwe kwa pamoja. Bonyeza Ctrl+Space. Rangi na fonti za mkono zinafutika, na kinachobaki ni ulichoweka kwenye Modify. Rudia kwa Heading 2 na Heading 3, kwa sababu kila ngazi ina rangi yake.

Ila tafadhali usifanye Ctrl+A kisha Ctrl+Space kwa waraka mzima. Niliwahi kufanya hivyo kwenye utafiti wa malaria, na kila *Anopheles gambiae* ikapoteza italiki zake, maana nazo zilikuwa zimewekwa kwa mkono. Nilizirudisha moja moja hadi usiku.

Kwa maandishi ya ndani, fungua Modify ya Normal, weka Times New Roman 12, kisha Format, Paragraph, Line spacing, 1.5 lines. Aya za Normal zisizopangwa kwa mkono zitabadilika zote, lakini fonti ya vichwa haitafuata, kwa kuwa Heading zina fonti yake zenyewe. Iweke huko huko kwenye Modify ya kila ngazi.

Baada ya hapo kagua majedwali. Maandishi yake mara nyingi ni Normal pia, kwa hiyo yanaweza kupokea nafasi ya 1.5, na jedwali lililokaa ukurasa mmoja likamwagikia wa pili. Usilipunguze kwa mkono, utarudi palepale. Tengeneza staili mpya kwa New Style, iite Jedwali, iweke Single na saizi 10. Kisha bofya kialama cha kona ya juu kushoto ya jedwali ili liteuliwe lote, na uchague Jedwali. Msimamizi akitaka saizi 11 wiki ijayo, utagusa staili hiyo moja tu.