Usiku hutangulia mchana: barua kwa mwanangu aliye Doha

"Mama, huku tumeanza kufunga Jumatano na nyinyi Lamu Alhamisi. Mwezi huu nina zamu za usiku, na nimepewa ruhusa ya usiku mmoja tu. Nataka uwe wa mwezi 27, nami nimeomba Jumatatu usiku. Lakini Lailatul Qadri ni moja. Itakuwaje iwe yenu na yetu?"

Mwanangu,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Kabla ya jambo lolote, mwendee mkubwa wako wa zamu leo hii umwombe akubadilishie, maana Jumatatu siyo. Unaotaka ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu.

Hesabu na mimi. Mfungo wako wa kwanza ni Jumatano, kwa hivyo mfungo wa 22 ni Jumatano pia, na wa 26 ni Jumapili. Jua likitua Jumapili hiyo, ukishatia tende kinywani, mwezi 27 umeingia. Katika mwezi mwandamo usiku hutangulia mchana wake. Ukingoja mpaka umalize kufunga siku ya 27 ndipo usimame usiku, utakuwa umesimama usiku wa 28. Ni hesabu ile ile tunayoijua tangu utotoni: usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi jua likishatua, wala hapana anayekosea Yasini yake. Ikifika Ramadhani watu hutazama kalenda ya ukutani, ambayo siku yake huanza saa sita ya usiku, na hapo ndipo wanapopotea.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinifika. Nilikuwa kijana, nimenuia kulikesha kumi la mwisho lote. Siku ya 21 nikashinda napika na kufua ili usiku niwe mwepesi. Baada ya futari nikamwambia bibi yangu, "Leo ndiyo naanza." Akanitazama, akaniambia, "Wa jana umeshapita, mjukuu wangu." Kumi la mwisho lilikuwa limeingia jana yake, magharibi ya mfungo wa 20. Ndiyo saa hiyo hiyo wanaokaa itikafu ya siku kumi wanapotakiwa wawe wamekwisha kuingia msikitini, kabla jua halijatua. Nililia usiku ule, na mpaka leo ikifika magharibi ya mfungo wa 20 huwa nimeshamaliza kazi zangu zote za jikoni.

Mwisho wa usiku umetajwa katika sura yenyewe: salama mpaka kuchomoza alfajiri. Basi usiku wako pimia hapo, magharibi mpaka alfajiri. Hapa kwetu siku hizi jua latua kama saa 12:30 jioni, na alfajiri huingia kama saa 11:10. Hizo ni saa 10 na dakika 40. Ukigawa mafungu matatu, kila fungu ni saa 3 na dakika 33 hivi, kwa hivyo theluthi ya mwisho huanza kama saa 7:37 za usiku. Wengi huamka saa kumi wakadhani wameipata yote, kumbe zaidi ya saa mbili zimekwisha kupita. Usitumie saa za Lamu, maana jua la Doha hutua kabla ya letu. Chukua magharibi na alfajiri za huko, ugawe vivyo hivyo.

Sasa hilo la wenu na wetu. Si swali jipya. Kurayb alikwenda Sham, akauona mwezi wa Ramadhani huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka wakamilishe 30 au wauone. Kurayb akamuuliza kama hautoshi mwezi aliouona Muawiya na mfungo wake. Akajibiwa hautoshi, ndivyo Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyowaamrisha. Sisi Mashafii twaishikilia hadithi hiyo: mji ulio mbali hufuata mwandamo wake. Wako wanazuoni wanaosema mwandamo mmoja watosha wote, nao wana hoja zao, usije ukagombana na wenzako kwa hilo. Wewe u Doha, funga na ukeshe kwa hesabu ya Doha. Ukija Lamu kabla ya Idi, utashikana na sisi hata mifungo yako ikizidi 30.

Lakini bado swali lako lasimama, kwa sababu wenu wa 27 ndio wetu wa 26. Hapa ndipo ninapotaka utulie. Twajua hadithi ya Bibi Aisha kwamba tuutafute katika nyusiku za witri za kumi la mwisho, na wengi huishia hapo. Iko na ya Ibn Abbas, kwamba utafutwe katika usiku uliobakisha tisa, uliobakisha saba, uliobakisha tano. Hiyo ni hesabu ya kutoka mwisho kurudi nyuma. Mwezi ukiwa wa siku 29, uliobakisha tisa ni wa 21, saba ni wa 23, tano ni wa 25, zote witri. Mwezi ukikamilika 30, zile zile zinakuwa 22, 24 na 26. Basi usiku wako wa 27 wa Doha, kwetu sisi tukikamilisha 30, ni ule uliobakisha tano. Na hapana anayejua kama mwezi utatimia mpaka jioni ya siku ya 29, watu wakishatoka kuutazama. Hapo wa 22 umepita zamani. Ndiyo maana bibi yangu hakuruka shufwa hata mmoja.

Ubayy bin Kaab aliapa kwamba ni wa 27, na alama aliyoitaja ni jua kuchomoza asubuhi yake bila miale. Lakini Imam Shafii alielekea zaidi kwenye wa 21, kwa ile hadithi ya Abu Said: Mtume alioteshwa kwamba atasujudu katika maji na matope, mvua ikanyesha usiku wa 21, paa la makuti likavuja, na asubuhi tope likaonekana katika paji la uso wake. Hiyo alama ya jua nayo huja usiku umeshakwenda. Nimelitazama mara nyingi likichomoza juu ya Manda, na asubuhi yenye utusitusi wa bahari huonekana halina miale hata katika mwezi wa Rajabu. Siitegemei.

Kwa hivyo Jumapili ni yako yote, lakini zile tisa nyingine usizihesabu kuwa zimepotea zamuni. Isha iswali kwa wakati wake, kwa jamaa ukipata wenzio. Ukipita kutoka kitanda hadi kitanda, ulimi wako uwe na ile dua aliyofundishwa Bibi Aisha: Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa faafu annii. Na hedhi ikikujia siku hizo, sala ndiyo unayoiacha. Dua na dhikri hazikukatikia.

Mimi nitaanza Jumanne, magharibi ya mfungo wetu wa 20. Wewe ni Jumatatu. Niandikie upesi kama wamekubali Jumapili.

Mamako, Lamu