Nafasi za kupakua zinapojaa: kuondoa simu usiyoitumia tena

Swali: Ninatumia Netflix kwa mpango wa Standard. Simu yangu ya zamani ilivunjika kioo na haishikiki tena, nikanunua nyingine. Kila nikijaribu kupakua filamu kwenye simu mpya, naambiwa kwamba nimeshapakua kwenye vifaa vingi mno, ilhali kinachotumika ni simu hii na tableti ya mwanangu tu. Nimefuta programu na kuiweka upya, bado inakataa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, simu yako mpya haina kasoro yoyote, na kuweka programu upya hakuwezi kukusaidia, kwa kuwa kinachokuzuia hakimo ndani ya simu hiyo. Filamu unayoipakua hufika ikiwa imefungwa kwa usimbaji fiche, na kifaa hakiwezi kuifungua mpaka seva ikipe leseni. Hapo ndipo seva inapokiandika kifaa hicho katika orodha ya akaunti yako. Mpango wa Standard unaruhusu vifaa 2 katika orodha hiyo, na wa Premium unaruhusu 6. Kwako wewe, tableti imeshika nafasi moja, na simu iliyovunjika bado imeshika ya pili, kwa sababu hakuna aliyeiarifu seva kwamba haitumiki tena.

Zingatia kwamba kinachohesabiwa ni kifaa, wala si idadi ya filamu zilizomo. Kifaa chenye kipindi kimoja kilichosahaulika huchukua nafasi nzima, sawa na chenye filamu nyingi. Vilevile hesabu ni ya akaunti yote, kwa hiyo wasifu wa mwanao haumpi nafasi zake za pekee.

Kama simu ya zamani ingekuwa nzima, ungeiunganisha na intaneti, ukafungua mipangilio ya programu na kufuta vyote vilivyopakuliwa. Intaneti ni ya lazima hapo, maana ukifuta simu ikiwa haina mtandao, seva haipati habari kwa wakati huo. Kwa kuwa simu yako haishikiki, itakubidi uiondoe ukiwa mbali nayo. Fungua tovuti ya Netflix kwa kivinjari, cha simu au cha kompyuta, uingie katika akaunti, kisha ufungue `Account`, halafu `Devices`, na humo uchague `Mobile download devices`. Utaona vifaa vilivyoshika nafasi. Soma majina kwa makini kabla ya kubonyeza `Remove device`, kwa sababu ukikosea ukaondoa tableti, mwanao atapoteza alivyopakua na itabidi apakue upya. Simu ya zamani ikija kutengenezwa na kuunganishwa na intaneti, filamu zilizobaki humo zitafutika.

Wengi hukwama hapa kwa kuchanganya ukurasa huo na ule wa kutoa vifaa kwenye akaunti. Kutoka kwenye akaunti humzuia mtu kuendelea kutazama kwa jina lako, lakini ni jambo tofauti na kuachia nafasi ya kupakua, na ni hili la pili unalolihitaji. Tofautisha pia idadi ya vifaa vinavyoweza kutazama kwa wakati mmoja: katika Standard hesabu zote mbili ni 2, jambo linalofanya zionekane kuwa kitu kimoja, lakini Premium inaruhusu watazamaji 4 kwa pamoja na vifaa 6 vya kupakulia.

Si kila huduma inamwachia mtumiaji kazi hii. Spotify, kwa mfano, inaruhusu nyimbo zilizopakuliwa kwenye vifaa 5, na ukipakua kwenye cha sita hujiondolea yenyewe vilivyopakuliwa kwenye kifaa ambacho hukukitumia kwa muda mrefu zaidi. Kwa maoni yangu utaratibu wa Netflix ni bora kwa familia, kwa kuwa hakuna anayepoteza alivyopakua bila mwenye akaunti kuamua, ila unamtaka mwenye akaunti akumbuke kuondoa kifaa kabla ya kukiuza, kukigawa au kukifuta chote.

Baada ya kuondoa simu ya zamani, funga programu kwenye simu mpya, uifungue tena ukiwa na intaneti, kisha upakue. Ikikataa, soma ujumbe upya badala ya kudhani ni ule ule. Ukitaja hifadhi, tatizo ni ukosefu wa nafasi ndani ya simu yenyewe. Ukihusu filamu moja tu huku nyingine zikikubali, huenda ni miongoni mwa filamu ambazo wenye haki wameziwekea kikomo cha kupakuliwa mara chache kwa mwaka, na kuondoa vifaa hakutabadilisha lolote. Lakini ukiwa bado ni wa vifaa vingi, rudi kwenye orodha uhakikishe kwamba simu ya zamani haimo tena, kwani simu iliyowahi kufutwa yote kisha ikapakua upya inaweza kuhesabiwa kuwa kifaa kingine.