Kukuza picha iliyoeditiwa bila kuharibu nguo na sura

"Nikikuza picha baada ya kuediti sweta linakuwa kama nta na sura si ya dada tena, nifanyeje?"

Mkuu, kwanza zima kile kitufe cha kuboresha uso, kwenye Real-ESRGAN ni `--face_enhance`, maana hicho hakikuzi uso, kinachora mwingine unaofanana nao. Halafu usitegemee faili moja. Chukua ileile picha, tuseme ni 1024 kwa 1536, itoe mara mbili zote ziwe 2048 kwa 3072: moja kwa Upscayl inayokuza kwa AI, nyingine kwa ukuzaji wa kawaida tu wa GIMP, `Scale Image` ukichagua `Cubic`. Hii ya pili itakuwa na ukungu kidogo lakini haidanganyi.

Weka ya kawaida chini, ya Upscayl juu, weka maski kwenye leya ya juu, paka nyeusi usoni kwa brashi laini mpaka kwenye mstari wa nywele, na kwenye sweta paka kijivu cha katikati ili nusu ya nyuzi za asili zionekane. Nywele na mandhari ya nyuma acha tu.

Sasa zima na washa jicho la leya ya juu ukiwa umezumu 100%, pembe ya mdomo au kope ikisogea ujue bado hujapaka vya kutosha. Mwisho unganisha leya zote kwa `Flatten Image`, ndipo utie chengachenga kidogo sana kwa `RGB Noise` picha nzima, uso na nguo vitashikana. Ila kama nyuzi zilishafutika wakati wa kuediti, hapo hakuna cha kurudisha, kachukue kipande cha sweta kwenye picha orijino.