Pointi 6, kosa sifuri, na Capri Point iko majini

*"Wakuu, nimeskani ramani ya zamani ya mji wa Mwanza, 1:5,000, kwa 300 dpi. Kwenye QGIS nimeweka pointi 6 kutoka picha ya setilaiti nikachagua Polynomial 2. Mean error inasoma 0 lakini Capri Point imeingia ziwani na barabara za Kirumba zimepinda kama upinde. Nakosea wapi?"*

Mkuu, hiyo sifuri ndiyo inayokudanganya. Polynomial 2 ina namba 12 za kutafuta, na kila pointi inaleta namba mbili, ya mashariki na ya kaskazini. Kwa hiyo pointi 6 zinatosha kamili, hakuna ya ziada ya kupinga. Hata ungebofya pointi moja mtaa wa pili, programu ingekunja ramani yote ili ipite hapo hapo na bado ikuandikie sifuri. Nadhani pia pointi zako zimebanana katikati ya mji, karibu na stesheni ya reli. Nje ya eneo lenye pointi mkunjo haushikwi na chochote, ndiyo maana pembezoni, Capri Point na Kirumba, kumeharibika zaidi.

Anza na Polynomial 1. Inasogeza, inazungusha, na inaruhusu ramani kuvutika kwa urefu tofauti na upana. Karatasi iliyokaa miaka kwenye unyevu hufanya hivyo hasa: hunywea au hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Kiwango chake cha chini ni pointi 3, ila wewe tafuta 14. Tumia 10, zikiwamo za pembezoni kabisa: Capri Point, Kirumba, Mabatini, Igogo. Nne zilizobaki toa tiki kwenye jedwali, zitakuwa za kukagua.

Kwenye kuchagua pointi ndipo kazi ilipo. Usiguse ufuo. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na ramani ya kabla ya hapo ina ufuo mwingine kabisa. Hata leo mstari wa maji hausimami. Makutano ya barabara ni mazuri, lakini nyingi zimepanuliwa, kwa hiyo bofya pale mistari ya katikati ya barabara mbili inapokatana, si kona ya ukingo. Mahali reli inapokatwa na barabara ni bora zaidi. Kwa jengo la zamani lililopo bado, chukua kona ya chini kwenye msingi, maana paa kwenye picha ya setilaiti huegemea upande, na kwenye miinuko ya mawe kama Bugando picha yenyewe inaweza kuwa imesogea.

Kama pembeni mwa ramani kuna misalaba ya gridi ya UTM, achana na setilaiti, andika koodineti za misalaba hiyo. Hapo angalia datum. Ikiwa ramani imeandikwa Arc 1960, mfumo ni EPSG:21036. Pointi ulizobofya kwenye picha iliyo kwenye UTM ya WGS 84 ni EPSG:32736. Ukizichanganya, utaona ramani imehama takribani mita 300, sehemu kubwa ikiwa kaskazini-kusini. Uhamaji wa namna hiyo, ulio sawa mji mzima, haurekebishwi kwa kubadilisha aina ya ugeuzaji.

Sasa soma safu ya Residual. Kwa 300 dpi na 1:5,000, pikseli moja ni kama sentimita 42 ardhini. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unachukua pikseli 6, yaani mita 2.5, kwa hiyo kosa la pikseli 5 hadi 8 ni afya. Pointi moja ikisoma 40 na wenzake 10, umebofya pasipo pake. Itoe tiki uone kama zingine zinashuka. Lakini mistari myekundu inayoonyesha kosa la kila pointi ikielekea upande mmoja kwa pointi zote za kulia mwa kunjo la karatasi, na upande mwingine kwa za kushoto, basi karatasi ndiyo iliyoachana.

Hapo tu ndipo nakubali Thin Plate Spline, na kwa pointi nyingi pande zote mbili za kunjo. Nayo hupita juu ya kila pointi, kwa hiyo Mean error yake haikuambii kitu. Polynomial 2 nayo isubiri mpaka makosa yaonyeshe mpindo wa taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, na uwe na pointi si chini ya 12. Ingekuwa umepiga picha kwa simu badala ya kuskani, ningesema Projective, ambayo kiwango chake ni pointi 4.

Ukishatoa GeoTIFF, chukua zile pointi nne ulizoziacha, pima kwa rula ya QGIS umbali kati ya ramani na setilaiti. Zikiwa mita 3 au 4 kwa Polynomial 1, na mita 9 kwa Polynomial 2 yenye Mean error nzuri zaidi, bakia na ya kwanza. Kwenye Resampling weka Nearest Neighbour ili mistari na namba za viwanja zisififie, na hifadhi faili la `.points` kabla ya kufunga dirisha.