Derivativu "ya f(-x)" na derivativu ya f "kwenye -x"

Swali: Mwalimu, "derivativu ya f(-x)" na "derivativu ya f kwenye -x" si ni kitu kimoja? Maana fankisheni shufwa ina f(-x) = f(x), nikitafuta derivativu pande zote napata f'(-x) = f'(x), ikimaanisha nayo ni shufwa, ila kitabu kinasema ni witiri.

Jibu: Hapana, si kitu kimoja, na kosa lako lote limekaa hapo kwenye "ya" na "kwenye". Chukua f(x) = x². Ukisema derivativu ya f(-x), unaweka kwanza -x ndani unapata (-x)² ambayo ni x² tu, afu ndo unatafuta derivativu: 2x, na kwa x = 3 ni 6. Ukisema derivativu ya f kwenye -x, unaanza na derivativu, 2x, afu ndo unaingiza -3: unapata -6. Yaani mpangilio wa kazi umebadilika, na ile alama f'(-x) ni hiyo ya pili, ya "kwenye".

Sasa hiyo hasi inatoka wapi? x ikisogea mbele kwa h, -x inarudi nyuma kwa h hiyohiyo. Kwa hiyo derivativu ya f(-x) ni limiti ya

[f(-x-h) - f(-x)] / h

h ikikaribia 0. Weka k = -h, inakuwa -[f(-x+k) - f(-x)] / k, na hiyo bila ile hasi ya mbele ndo tafsiri yenyewe ya f'(-x), so tunabaki na -f'(-x).

Basi rudi kwenye f(-x) = f(x) na utafute derivativu pande zote: -f'(-x) = f'(x), yaani f'(-x) = -f'(x), witiri. Kama f ni witiri unaanza na f(-x) = -f(x), unapata -f'(-x) = -f'(x), hasi zinakatana, f'(-x) = f'(x), shufwa. Kote huku tunachukulia f ina derivativu kila mahali, maana |x| ni shufwa ila kwenye 0 ina kona, haina derivativu pale, japo kwingine sheria inashika vizuri tu.

Angalia na namna unavyoigeuza sentensi. "Fankisheni ikiwa witiri, derivativu yake ni shufwa" ni kweli, ila "derivativu ikiwa shufwa, fankisheni ni witiri" siyo lazima: x³ + 1 ina derivativu 3x², shufwa kabisa, lakini kwenye 1 inatoa 2 na kwenye -1 inatoa 0, wakati ingekuwa witiri ingetoa -2. Hiyo 1 iliyoongezwa inapotea ukitafuta derivativu. Upande wa pili, yaani "derivativu ikiwa witiri, fankisheni ni shufwa", wala hausumbui: hata ukiongeza 1, x² + 1 bado ni shufwa.